Barua ya unyevu niliyomwandikia mwenye nyumba, na kwa nini meseji zangu zote za kabla hazikusaidia

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita dada mmoja ninayefanya naye kazi kanionyesha ukuta wa chumba chake kwenye simu, rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, chini kuna unga mweupe, akaniambia ameshamwambia mwenye nyumba mara nne na mwenye nyumba ameshapaka rangi mara mbili. Nikamwangalia nikajiona mimi enzi zile natuma meseji. Mimi nilikaa miezi mitano naomba kitu ambacho sio, na nilikuwa napewa hichohicho nilichoomba, ndo shida ilipokuwa.

Nilipanga hapa Dar Januari 2022, vyumba viwili na sebule, choo ndani, nyumba moja ndefu imegawanywa tunakaa wapangaji watatu, kila mtu na mlango wake. Masika ya 2022 ilipita, ya 2023 ikapita, ukuta wa chumba changu ulikuwa mkavu kabisa. Hili nalisema mapema manake baadae lilikuja kuwa na uzito kuliko kitu kingine chochote nilichoandika. Agosti 2023 mzee mwenye nyumba akatandika pevingi uwanja mzima, tukafurahi sana, tulikuwa tumechoka na matope. Halafu vuli ya mwaka huo ikaja na ile mvua ya El Nino mnayoikumbuka, na mwanzoni mwa Desemba nikiwa nafagia nikaona chini ya dirisha la chumbani rangi imebadilika, kama kuna mtu kapitisha kitambaa kibichi. Harufu nayo ikaanza, ile ya nguo zilizokunjwa hazijakauka.

Nikatuma voisi. Nakumbuka nilisema "shikamoo mzee, samahani, ukuta wa chumbani umeharibika rangi, naomba uje uangalie". Mzee akanijibu vizuri tu, na Januari fundi akaja akakwangua, akapiga puti, akapaka rangi ya mafuta, akasema hii haipitishi maji. Ukuta ukawa mzuri wiki kama sita hivi. Machi mvua zilipoanza ikarudi, na safari hii alama ilikuwa juu zaidi ya pale ilipokuwa mwanzo. Nikatuma meseji nyingine, kali kidogo. Mzee akasema atamtuma fundi apake tena.

Hapo ndo nilianza kujiuliza, mbona imepanda? Nina binamu yangu ni fundi ujenzi, nikampigia, akaniambia kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenieleza. Maji yakishaingia kwenye tofali yanatafuta pa kutokea, na kwenye ukuta wa kawaida yanatoka taratibu kama mvuke kupitia lipu na rangi ya maji. Ukipaka rangi ya mafuta umeziba mlango, sasa yanaendelea kupanda ndani ya tofali mpaka yakute sehemu ambayo haijapakwa, ndo yatokee hapo. Ule unga mweupe nao sio fangasi kama nilivyodhani, ni chumvi, maji yanaibeba kutoka ardhini na kwenye saruji yenyewe, yakikauka yanaiacha juu ya ukuta. Na hiyo chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata siku maji yakikatika kabisa, lipu ile ya zamani itaendelea kulowa ukiiacha, na hapa pwani hewa yenyewe muda wote ina unyevu.

Akaniambia kingine: "Usimwambie mzee ukuta umeharibika. Mwambie maji yanatoka wapi. Ukimwambia rangi atakuletea rangi."

Sasa maji yanatoka wapi ndo kazi yenyewe. Unyevu ukutani unaweza kuwa umetoka kwenye bomba lililopasuka ndani ya ukuta, au bafu la jirani, au bati na gata juu, au ardhini chini, na kila kimoja kina tabia yake. Wa bomba haujali mvua, upo kiangazi na masika, mara nyingi unakuwa doa la duara sehemu moja. Wa juu unaanzia darini unashuka. Wa chini unapanda, unaacha mstari kama wa pwani maji yakitoka, na mara nyingi hauvuki mita moja hivi. Wangu ulikuwa umenyooka kwa urefu wa ukuta wote wa nje, kutoka sakafuni kwenda juu. Ila kona moja ya ukuta huo inagusana na bafu la jirani, na mzee alishaamua moyoni mwake kwamba ni jirani anamwaga maji ovyo, akataka kumfokea. Nilijua nikiandika barua bila kulifunga hilo la bafu, barua yangu itaishia kugombanisha wapangaji.

Kwa hiyo kabla ya kuandika nilifanya vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kilichonigharimu hela ya maana.

Cha kwanza penseli. Nilichora mstari mdogo pale unyevu ulipofikia, nikaandika tarehe pembeni, ukutani kabisa, nikaweka futi ya fundi imesimama kutoka sakafuni nikapiga picha. Kila baada ya muda narudia nimesimama palepale, mchana, dirisha wazi, taa imezimwa. Picha nilizokuwa nimepiga Desemba zilikuwa za karibu sana, unaona doa tu, hujui ni ukuta gani wala doa kubwa kiasi gani, nusu nilizitupa. Bahati moja ilikuwa imeshika dirisha na soketi ya umeme, nikapima kutoka sakafuni hadi soketi nikajua unyevu ulikuwa sentimita 40 hivi. Ukipiga picha, piga moja ya mbali inayoonyesha dirisha au mlango, halafu ya karibu yenye kipimo, zote mbili siku moja.

Cha pili nailoni. Kata kipande kama cha karatasi mbili za A4, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipitishe hewa, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa nje wa nailoni, unaoangalia chumbani, basi ni hewa ya ndani inageuka maji, labda hufungui madirisha. Yakiwa kwa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yangu yalikuwa nyuma, yamejaa mpaka yanachuruzika. Hii ilinisaidia sana manake jibu ambalo wenye nyumba wengi wanalo mdomoni ni kwamba hufungui madirisha au unaanika nguo ndani.

Cha tatu lile la bafu. Tulifunga bomba zote za wapangaji watatu usiku, tukasoma mita ya maji saa nne, tukasoma tena alfajiri saa kumi na moja, namba haikusogea. Hiyo inaonyesha bomba la maji safi halivuji ila haionyeshi bomba la maji machafu, manake yale yanapita baada ya mita, hili wengi hawalijui wanafikiri mita ikisimama basi. Lakini Pasaka ya 2024 jirani alisafiri kwenda kwao kuanzia tarehe 28 Machi akarudi 7 Aprili, bafu halikutumika hata siku moja, na siku aliyorudi mstari wangu ulikuwa umetoka sentimita 49 umefika 58. Nilimwomba ruhusa kuliandika hilo kwenye barua, akakubali, akasema hata yeye amechoka kusingiziwa.

Ikabaki ardhi. Binamu akaja Jumamosi moja na paipu ya levo, ile mirija ya plastiki inayoonyesha, unajaza maji, ncha moja unaishika ndani ncha nyingine nje, maji yanasimama usawa mmoja pande zote. Tukapitisha dirishani. Sakafu yangu ya ndani ilikuwa chini ya pevingi kwa sentimita 4. Yaani uwanja uko juu kuliko sakafu! Kabla ya pevingi tulikuwa tunapanda ngazi moja kuingia ndani, na mimi hata sikuwahi kugundua kwamba ile ngazi imepotea. Kwenye ujenzi pale juu ya msingi inatakiwa kuwe na nailoni ya kuzuia maji yasipande, na ardhi ya nje inatakiwa ibaki chini yake angalau sentimita 15. Ukiinua uwanja juu ya pale umeiruka ile nailoni, maji yanaingilia ubavuni. Na zile pevingi zilikuwa zimelalia upande wa nyumba, mvua ikinyesha maji yanakuja kusimama ukutani kwangu, gata nalo halina bomba la kushuka, linamwaga palepale.

Nilisimama pale nje nikaangalia, nikasikia vibaya, manake mzee alitumia hela yake kututengenezea uwanja kwa nia nzuri kabisa. Na ndo maana niliamua barua isiwe ya kulaumu. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, nimeandika mtoto anakohoa, godoro limeota fangasi, nguo za kazini zimeharibika kabatini, nimeandika mpaka kodi ninayolipa na kwamba nalipa miezi sita kwa mkupuo. Yote kweli. Binamu aliposoma akasema mzee akifika ukurasa wa pili atakuwa ameshakasirika na hajafika kwenye pevingi bado. Nikafuta. Kikohozi cha mtoto nikaacha sentensi moja yenye tarehe ya kwenda hospitali, sikuandika kwamba ukuta ndo umemuumiza manake daktari hakusema hivyo, alisema vumbi na fangasi vinaweza kuchangia basi.

Hii ndo barua, nimeondoa majina na namba za nyumba tu.

"Dar es Salaam, 20 Mei 2024.

Kwako mzee, mwenye nyumba.

YAH: UNYEVU KWENYE UKUTA WA CHUMBA CHA NYUMA NA OMBI LA MATENGENEZO

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wako tangu Januari 2022, kodi yangu imelipwa hadi mwisho wa Juni 2024. Naandika kukujulisha tatizo ambalo rangi haijaweza kulitatua, na kukuomba tulimalize kipindi hiki mvua inapokatika.

Ukuta wa nje wa chumba cha nyuma unapanda unyevu kutoka chini. Masika ya 2022 na ya 2023 ukuta ulikuwa mkavu. Unyevu ulionekana mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 2023, ukiwa na kimo cha kama sentimita 40 kutoka sakafuni (picha namba 1). Januari 2024 ulituma fundi akapaka rangi, nakushukuru kwa hilo. Tarehe 23 Machi ulikuwa umerudi na kufika sentimita 49 (picha namba 2). Tarehe 7 Aprili ulifika sentimita 58 (picha namba 3), na siku kumi kabla ya hapo bafu la jirani halikutumika kwa kuwa alikuwa safarini, yeye mwenyewe yuko tayari kuthibitisha. Tarehe 4 Mei, siku ya mvua na upepo wa Kimbunga Hidaya, ulifika sentimita 71 (picha namba 4) na maji yalisimama juu ya pevingi ukutani kwa nje (picha namba 5). Tarehe 11 hadi 13 Mei nilibandika nailoni ukutani, maji yakajikusanya upande wa ukuta (picha namba 6). Tarehe 18 Mei tulipima kwa paipu ya levo, pevingi iko juu ya sakafu ya ndani kwa sentimita 4 (picha namba 7).

Kwa hiyo naamini maji ya mvua yanasimama nje na kuingia ukutani juu ya kizuizi cha msingi. Naweza kuwa nimekosea, na ndiyo maana ombi langu la kwanza ni uje na fundi unayemwamini muangalie wenyewe.

Naomba ratiba ifuatayo. Ukaguzi uwe kabla ya Jumatatu tarehe 27 Mei, nitakuwepo kila siku baada ya saa kumi jioni na Jumamosi kutwa. Kuzuia maji nje kufanyike kabla ya tarehe 15 Juni, yaani kutoa pevingi kwa upana wa sentimita 50 kando ya ukuta, kuchimba hadi chini ya usawa wa sakafu, kuweka mtaro wenye mwinuko wa kupeleka maji kwenye chemba, na kuweka bomba la kushushia maji ya gata. Kubandua lipu ya ndani hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu kufanyike kabla ya tarehe 22 Juni, kisha ukuta uachwe wazi ukauke. Lipu mpya isipigwe kabla ukuta haujakauka, napendekeza tarehe 10 Agosti kama kipimo cha nailoni kitaonyesha pakavu. Rangi ya maji ipakwe wiki nne baadaye, tarehe 7 Septemba. Kwa muda wote huo nitahamia sebuleni na sitadai chochote kwa usumbufu huo.

Mwanangu alitibiwa kikohozi tarehe 29 Aprili, ndiyo maana naomba ukaguzi usichelewe.

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo atunze kuta za nje, paa na mifereji, na nyumba ibaki inafaa kuishi binadamu. Nalitaja kwa heshima tu, naamini hatutafika huko.

Naomba jibu lako kwa maandishi au wasapu kabla ya tarehe 27 Mei. Nakala ninabaki nayo.

Wako mpangaji."

Kuna vitu hapo watu wakisoma wananiuliza, hasa kile cha sheria mbona nimekiweka mwisho. Nilikiweka mwisho kwa makusudi. Huyu ni mzee wa umri wa baba yangu, ukimfungulia barua na kifungu cha sheria anaona umekuja kwa vita, anampigia mtoto wake mwanasheria na mazungumzo yanaisha hapo. Akishaona picha saba na vipimo, kile kifungu kinakaa tu pale pembeni kama ukumbusho. Na sikutishia kukata kodi. Najua wengi wanafanya, wanatengeneza wenyewe halafu wanakata, mimi naona bila makubaliano ya maandishi unajiweka pabaya, manake siku mkivurugana kinachoonekana ni mpangaji mwenye deni.

Lingine ni ile sentensi ya "naweza kuwa nimekosea". Binamu aliipinga, akasema unajidhoofisha. Lakini mimi sio fundi na mzee anajua, na ilimpa mzee nafasi ya kuja kuangalia bila kuonekana ameshindwa.

Picha nilizituma wasapu kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida, kwa sababu ukituma kawaida inabanwa inapoteza ubora na ile tarehe iliyojificha ndani ya faili inafutika. Halafu nikaziprinti steshenari, rangi, nikaandika namba nyuma kwa kalamu, barua na picha nikampelekea mzee mkononi kwake, nakala yangu akanisainia na tarehe. Kusaini kulikuwa na kigugumizi kidogo, akaniuliza "binti yangu, tumefikia kusainishana?" Nikamwambia mzee, hii ni ili mimi nisije nikasema nilikupa tarehe nyingine. Akacheka akasaini. Kama angekataa nilikuwa nimepanga nimwombe mwenyekiti wa mtaa awepo nikikabidhi.

Mzee hakuja tarehe 27. Alikuja tarehe 30 na fundi wake yuleyule wa rangi, ambaye alianza kwa kusema ni El Nino, kila nyumba mjini imelowa mwaka huu. Kweli mvua zilizidi, ila mzee mwenyewe ndo alimjibu, akamwonyesha picha namba 7 akamwambia leta paipu tupime tena. Wakapima wakapata sentimita 4 na nusu. Nilinyamaza kabisa, sikusema neno. Tangu siku ile habari ya bafu la jirani haijazungumzwa tena.

Mtaro ulikamilika 19 Juni, siku nne nje ya ratiba, nikaona sawa. Lipu ikabanduliwa wiki iliyofuata, na hapa nawaambia angalieni, fundi alitaka kuosha ile chumvi kwa maji na sabuni. Ukiosha chumvi inayeyuka inarudi ndani ya tofali. Inasuguliwa kavu kwa brashi ngumu, unaikusanya kwenye gazeti unaitupa, wiki ijayo inatoka nyingine unasugua tena. Mimi nilisugua mara tano, kila Jumamosi, na kila mara ilikuwa kidogo kuliko ya nyuma, mpaka nikawa naisubiri kwa hamu nione imepungua kiasi gani.

Palipokuwa na ugomvi ni kusubiri. Mwezi wa saba mwanzoni ukuta ulionekana mkavu, tofali zimekuwa za kijivu cheupe, fundi akasema tupige lipu, mzee akasema tupige lipu, hata mimi nilitamani manake tulikuwa tunalala sebuleni watu watatu. Nikabandika nailoni. Siku mbili, matone yapo, machache lakini yapo. Tofali inakauka juu kwanza, ndani bado, na hesabu ya haraka ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Tofali yetu ni ya inchi 6 inakauka pande zote mbili, kwa hiyo miezi mitatu ndo hesabu yenyewe, mimi niliandika kama wiki saba kwa sababu tulikuwa tunaingia kiangazi na chumba tuliacha wazi na feni inapiga ukuta kutwa. Niliandika fupi mno. Tarehe 10 Agosti ilipofika nailoni ilikuwa bado na ukungu mwembamba chini kabisa, nikampigia mzee nikamwambia nimekosea hesabu, tusogeze. Akashangaa mpangaji anaomba fundi acheleweshwe. Lipu ilipigwa 7 Septemba, rangi ya maji tarehe 5 Oktoba, kabla tu ya vuli.

Mvua za vuli zikaja, nikawa naamka usiku kuwasha tochi ya simu kuangalia ukuta, nakiri. Chini ya dirisha pakavu. Penseli yangu ilishapotea na lipu ya zamani, nikachora alama mpya ndogo kwenye skating, sifuri, na tarehe.

Ila ile kona ya karibu na bafu, nyuma ya kabati, mtaro haukufika kwa sababu kuna bomba la chemba linapita pale na fundi aliogopa kulikata. Novemba pametokea mstari, sentimita 12. Nimeshaupiga picha mbili, ya mbali na ya karibu, nailoni iko ukutani tangu juzi, na jirani kaniambia anasafiri wiki ijayo siku nane, kwa hiyo nasubiri arudi nipime tena ndo niandike barua ya pili.